Andazi la mia mbili lina kalori ngapi? Naomba msaada, wa Tanga hasa

MakororaNyumbani
Habari za jioni wakuu. Mama yangu ameambiwa kliniki apunguze uzito, magoti yanamsumbua na presha inapanda. Nimeamua kuandika kwenye daftari kila anachokula kwa wiki mbili ili tuone tatizo liko wapi. Wali, samaki, mchicha, hivyo vyote nakadiria. Ninapokwama ni kwenye vitafunwa. Asubuhi anakunywa chai na maandazi matatu ya mia mbili mbili, jioni anatumwa mtoto sambusa mbili, na siku nyingine bhajia za mama mmoja hapo Barabara ya 12.

Nimeingia kwenye programu ya simu. Andazi moja mahali pamoja limeandikwa kalori 120, pengine 300. Sambusa hivyo hivyo. Sasa niandike ipi? Hakuna pakiti wala lebo, unanunua kwa kuhesabu. Kuna mtu anajua namba ya kweli?

MzeeChumbageni
Mwanangu, andika mia moja kwa kila kimoja, umemaliza. Maandazi ya siku hizi ni hewa tupu. Zamani andazi moja ulikuwa unalishika kwa mikono miwili.

HaliYaMtaani
Mkuu, biashara ya maandazi inalipa usisikilize watu. Unga kilo moja, sukari robo, mafuta lita mbili, unaanza. Ila tafuta kona yenye wanafunzi. Mimi mke wangu alianza na elfu thelathini tu.

MakororaNyumbani
Ahsante kaka, ila sijauliza mtaji. Nauliza kalori za anayekula.

HaliYaMtaani
Ooh samahani, nilisoma kichwa cha habari haraka. Basi nafuatilia, maana mimi ndiye mlaji mkuu wa yale yanayobaki.

MizaniYaUnga
MakororaNyumbani, namba zote mbili ulizoziona zinaweza kuwa kweli, kwa sababu kila mmoja ameandika andazi lake. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha biskuti, kitengo cha kupima ubora, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba "kimoja" si kipimo. Bei ya andazi inakaa mia mbili mwaka mzima, ila unga ukipanda bei, mpishi hapandishi andazi, analipunguza. Kwa hiyo andazi la mia mbili la Januari na la Agosti ni vitu viwili tofauti.

Anza hivi. Nunua maandazi kumi pale pale anaponunua mama, siku moja, kisha nenda duka lenye mizani ya kidijitali uyapime yote kwa pamoja. Usipime moja moja, mizani ya dukani inakosea gramu tano hivi, na gramu tano kwenye andazi moja ni kosa kubwa. Kwenye kumi si neno. Leta uzito, tuendelee.

MakororaNyumbani
Nimepima. Maandazi kumi gramu 480. Kwa hiyo moja ni gramu 48.

Na nilipata bahati, yule mama anayeyapika alikuwa anakata donge. Nikamwomba tupime madonge kumi mabichi. Gramu 500. Yaani moja 50 bichi, 48 baada ya kukaangwa. Sasa swali: kama limeingia kwenye mafuta likatoka jepesi kuliko lilivyoingia, si ina maana mafuta hayajaingia kabisa? Hapo nimefurahi kwa ajili ya mama.

MzeeChumbageni
Si nilisema! Hewa tupu.

MizaniYaUnga
Hapo ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea hapo hapo mwanzoni. Ule mchirizi wa povu unaouona andazi likiingia kwenye karai ni maji yanatoka kwenye donge yakiwa mvuke. Donge limepoteza maji na limenywa mafuta kwa wakati mmoja. Wewe mizani inakuonyesha tofauti tu. Limepungua gramu 2, lakini huenda limepoteza maji gramu 5 likanywa mafuta 3, au limepoteza 12 likanywa 10. Kwa kupima andazi huwezi kujua.

Kinachojua ni karai. Mafuta hayaendi popote zaidi ya kwenye andazi, kwenye karatasi, na matone machache yanayorukia nje. Pima karai na mafuta yake kabla, pima baada, kilichopungua kimeliwa. Ukipata mpishi mwenye subira, hilo ni jambo la asubuhi moja.

BiKaraiDuga
Salaam alaikum. Nimepita humu kimya kimya siku mbili. Mimi ndiye mpishi. Si yule wa Makorora, mimi niko Duga, napika maandazi na bhajia mwaka wa 19 huu. Mizani ninayo, kilo 5, ya keki. Jumamosi sina oda ya shule, niambieni nifanye nini nitafanya. Nataka kujua na mimi, maana wateja wangu wengi ni akina mama wa umri huo na wanarudi kunilalamikia magoti.

MizaniYaUnga
Wa alaikum salaam Bi Karai, shikamoo. Mwenyezi Mungu akulipe. Utaratibu ni huu:

Andika kila kinachoingia kwenye unga, kwa gramu. Kwa siku hiyo tafadhali kanda kwa maji, usitie tui, tui tutalisemea baadaye. Pima karai na mafuta kabla ya kuwasha moto. Gazeti au karatasi ya kuchujia nayo ipime kavu. Kaanga kama unavyokaanga kila siku, usijikaze kwa ajili yetu. Ukimaliza, acha mafuta yapoe kabisa ndipo upime karai tena, na karatasi upime tena.

Karai la duara halikai kwenye mizani, litayumba na utapata namba inayocheza. Weka kata ya kitambaa chini yake, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri ndipo uweke karai.

BiKaraiDuga
Marahaba mwanangu. Nimeandika.

KuliBandari
Wakuu, mimi nauliza upande wa pili. Nabeba mizigo. Asubuhi nakunywa chai kwa maandazi manne kwa sababu hayo ndiyo yananifikisha saa saba mchana bila kutetemeka. Mkipata namba msiitumie kututisha sote. Kuna watu kalori ndizo tunazozitafuta.

MizaniYaUnga
KuliBandari upo sahihi na nitakumbuka. Namba ni ile ile, mwili ndio tofauti.

BiKaraiDuga
(Jumamosi, saa 10 jioni)
Haya wanangu. Unga wa ngano kilo 1, sukari gramu 150, siagi ya kopo gramu 50, hamira, iliki, chumvi, maji. Nimekata madonge 34, mengine makubwa kidogo mengine madogo, lakini kwa wastani ni gramu 50 kama ya mwenzangu wa Makorora.

Karai na mafuta kabla: gramu 3,080. Baada ya kupoa: gramu 2,854. Zimepungua 226. Nimeshangaa. Nilijua mafuta yanapungua kwa sababu naongezea kila siku, lakini sijawahi kuyaona kama namba.

Gazeti limeongezeka gramu 22. Chenga za chini nimeziacha kwenye mafuta.

MizaniYaUnga
Safi sana, umepima kuliko hata baadhi ya mafundi tuliokuwa nao. Tufuatane polepole.

226 zimetoka karaini, 22 zimebaki kwenye gazeti, kwa hiyo 204 zimo ndani ya maandazi 34. Kila moja limekunywa gramu 6 za mafuta. Na sasa fumbo la MakororaNyumbani linafunguka: kama la kwake ni kama hili, limepungua gramu 2 huku limeongeza 6, basi limepoteza gramu 8 za maji.

Kalori zake: gramu ya mafuta yoyote ni kama 9, ya sukari ni 4, ya unga wa ngano kama 3.6, siagi ya kopo kama 7.2 kwa sababu ina maji ndani yake. Unga unatoa 3,600, sukari 600, siagi 360. Hapo ni 4,560 kabla ya karai. Mafuta yaliyoingia, 204 mara 9, ni 1,836. Jumla 6,396, gawa kwa 34.

Andazi moja ni kalori 188.

Mzee, heshima yako iko pale pale, lakini mia moja ni pungufu karibu nusu. Hewa haionekani kwenye mizani, na hizi ni gramu 48.

MzeeChumbageni
Nimekubali. Matatu basi ni mia tano na kitu, hata chai haijatiwa sukari.

MakororaNyumbani
564. Nimeandika kwenye daftari, nikamwonyesha mama. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na la mwisho ninalompa mjukuu umelihesabu?" Nikamjibu hapana, hizo ni za matatu anayokula mwenyewe.

JikoniRaskazone
Naomba niseme jambo. Bi Karai hana tatizo, tatizo ni moto. Mafuta yakiwa ya moto sana chakula hakinywi mafuta kabisa, kinajifunga nje papo hapo. Mafuta ya baridi ndiyo yanayoingia. Ongezeni moto tu. Pia tumieni mafuta ya alizeti, hayana kolesteroli, kwa hiyo kalori zake ni ndogo.

BiKaraiDuga
Mwanangu, moto ukizidi andazi linageuka jeusi nje na katikati ni uji. Hilo nimelijua tangu wiki ya kwanza ya biashara.

MizaniYaUnga
JikoniRaskazone una nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni ya maana. Mafuta yakiwa na joto dogo, andazi linakaa karaini muda mrefu, ganda lake linachelewa kushika, na linatoka zito la mafuta. Hiyo kweli. Lakini si kweli kwamba moto mkali unaziba.

Fikiria andazi likiwa ndani ya karai. Mvuke unatoka kwa nguvu kila upande, ndiyo maana linapiga povu. Mvuke unaotoka unayasukuma mafuta nje, hayapati nafasi kubwa ya kuingia. Sasa litoe. Mvuke unakatika, ndani panapoa, na vile vitundu vilivyokuwa vinatoa mvuke vinaanza kuvuta. Na kilichopo juu ya ganda wakati huo ni nini? Mafuta yaliyoshikamana. Sehemu kubwa ya mafuta inaingia hapo, andazi likiwa limeshatoka karaini, kwenye dakika ile ya kwanza. Kwa hiyo muda wa kukung'uta ni sekunde zile za mwanzo, juu ya karai, likiwa bado linafuka. Ukishaliweka kwenye sinia na likapoa, gazeti linachukua ya juu tu.

Ndiyo maana pia mtihani wa kufinya andazi kwenye karatasi nyeupe haupimi kitu. Doa kubwa linakuonyesha mafuta yaliyobaki nje. Yaliyovutwa ndani hayatoi doa.

Na alizeti: mafuta yote yanayotoka kwenye mimea hayana kolesteroli, ya mawese pia. Lakini kalori ni 9 kwa gramu, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi. Kubadili dumu hakubadili hesabu ya daftari.

JikoniRaskazone
Sawa la kolesteroli nimelielewa. Hilo la kuvuta baada ya kutoa bado linanipa shida. Bi Karai anaweza kujaribu?

BiKaraiDuga
(Jumatatu)
Nimejaribu leo. Unga ule ule, maandazi 34 yale yale, moto ule ule kadiri ya jicho langu. Safari hii nilitoa machache machache kwa kijiko cha matundu, nikakung'uta juu ya karai nikihesabu mpaka kumi, ndipo nikayaweka kwenye chekecheke badala ya gazeti, na chini ya chekecheke sinia. Zamani nilikuwa nazoa yote kwa mkupuo na kuyatupa kwenye beseni, yanalaliana yakiwa na mafuta yao.

Karai limepungua gramu 185. Kwenye sinia nimekuta 9. Ndani ya maandazi zimebaki 176.

MizaniYaUnga
176 kwa 34 ni gramu 5.2 badala ya 6. Kila andazi limepungua kalori 7 hivi. Namwambia mama wa MakororaNyumbani ukweli: kwa maandazi matatu ni kalori 21, kama kijiko kidogo cha sukari. Ni faida, lakini si ya kumtoa mtu kwenye uzito. Aliyefaidika zaidi ni Bi Karai, amebakiza gramu 41 za mafuta kwenye karai kwa kila kilo ya unga.

Na ni mara moja tu. Hamira siku ile na siku hii zinaweza kuwa zimeumua tofauti. Tungepika mara tano ndiyo ningesimama nayo kwa miguu miwili.

BiKaraiDuga
Gramu 41 kwa kilo, na mimi napika kilo sita kwa siku. Karibu robo kilo ya mafuta. Mwezi mzima nimekuwa naigawa bure.

DadaSukari
Samahani naingilia. Mimi nina kisukari, napima nyumbani. Nikila maandazi mawili sukari inaruka, nikila sambusa tatu za nyama haipandi sana. Lakini sambusa si ndizo zenye mafuta mengi? Kwa hiyo kalori hazina maana kwangu?

MizaniYaUnga
Dada, ni vitu viwili. Kinachoruka kwenye mashine yako ni wanga na sukari, mafuta hayaipandishi moja kwa moja. Andazi la Bi Karai lina wanga na sukari kama gramu 26. Sambusa ya nyama ina manda nyembamba tu, chini ya theluthi ya hapo. Lakini kalori zake zipo na uzito unazihesabu. Usibadilishe dawa wala mlo kwa maneno ya humu, wapelekee namba zako wanaokutibu, ikiwa pamoja na hizo za sambusa. Ni taarifa nzuri sana kwao.

MandaZaNgamiani
Sambusa waachieni mimi. Nauza jioni, Ngamiani, nyama tupu na kitunguu, sitii viazi. Nimefuata utaratibu wenu jana kwa sambusa 30. Mbichi ni gramu 40 moja, baada ya kukaanga zile nzima gramu 38. Mafuta yaliyoingia gramu 150, ukiondoa ya chujio.

Sasa sikilizeni. Tatu zilifumuka pembeni, uji wa ngano wa kugundishia ulikuwa mwepesi. Hizo tatu nilizipima peke yake. Gramu 44 moja moja! Mteja angedhani amepata kubwa.

MizaniYaUnga
Hiyo ndiyo taarifa bora ya uzi huu. Ikifumuka, maji ya nyama na kitunguu yanatoka, mafuta yanaingia kukaa mahali pake ndani kwenye kona. Kwa hiyo tofauti ya gramu 6 ndiyo kima cha chini, mafuta yaliyoingia ni zaidi ya hapo kwa sababu na maji yametoka. Kalori zisizopungua 54 juu ya sambusa nzima.

Nzima naikadiria hivi: manda ina unga wa kama gramu 9, hiyo 32. Nyama iliyopikwa gramu 20 hivi, tuseme 45. Kitunguu kidogo 3. Mafuta gramu 5, ni 45. Jumla 125. Nyama ikiwa na mafuta yake mengi itapanda, kwa hiyo kadirio hili linaweza kukosea zaidi kuliko la andazi.

Mnunuzi anaijua iliyofumuka bila mizani. Ishike kwa ncha moja uiinamishe, mafuta yanakusanyika kona ya chini na kudondoka. Iliyogandwa vizuri ni kavu kwenye kona zote tatu.

MakororaNyumbani
Mbili za mama ni 250. Pamoja na maandazi ni 814 kwa siku, kabla ya wali. Alikuwa anaamini kabisa hali kitu. "Mimi nakula mara mbili tu," na kweli mezani anakaa mara mbili. Je bhajia? Yeye anaona bhajia ni nyepesi, ndiyo maana akijihurumia anazichagua.

BiKaraiDuga
Bhajia za viazi na unga wa dengu nimezipima Jumatano. Unga wa dengu nusu kilo, viazi vilivyomenywa kilo moja, bizari, pilipili, giligilani, maji ya kutosha rojo. Zimetoka 100 kamili, ndogo ndogo. Mafuta yaliyokwenda nazo, baada ya kuondoa ya kwenye sinia, gramu 260. Na nilikung'uta!

MizaniYaUnga
Unga wa dengu nusu kilo ni kama 1,900. Viazi kilo, 800. Mafuta 260 mara 9 ni 2,340. Jumla 5,040 kwa bhajia 100. Moja ni 50.

Angalia mafuta yanabeba nini. Kwenye andazi mafuta ya karai yalikuwa chini ya theluthi ya kalori zote. Kwenye bhajia yamekaribia nusu. Sababu ni umbo. Andazi ni donge moja nene, ngozi yake ni ndogo ukilinganisha na nyama ya ndani. Bhajia ni kipande chembamba, karibu chote ni ngozi, na mafuta yanakaa kwenye ngozi. Rojo likiwa jepesi, au likitiwa magadi ili zivimbe, vitundu vinaongezeka na zinakunywa zaidi.

Kwa hiyo bhajia nane ni kalori 400. Maandazi mawili ni 376.

MakororaNyumbani
Anakula kumi na mbili.

MzeeChumbageni
Na chatini ya nazi je? Bhajia bila chatini ya nazi Tanga hii nani anakula.

MizaniYaUnga
Chatini ya ukwaju haina mafuta ya kuogopwa. Ya nazi ina mafuta ya nazi yenyewe, inategemea umechota kiasi gani. Hiyo hatujapima.

JikoniRaskazone
Swali la mwisho. Mafuta yaliyotumika siku nyingi yanaingia zaidi au pungufu?

MizaniYaUnga
Zaidi. Yakichoka yanakuwa mazito, yanashikamana na ganda na hayachuruziki upesi ukikung'uta. Utayajua kwa povu dogo dogo lisiloondoka hata chakula kikiwa kimetoka, rangi ya chai ya rangi, na moshi kuanza mapema kuliko siku ya kwanza. Chenga zilizobaki chini zinayachosha haraka, Bi Karai, uwe unazichuja kila jioni.

Ila sambusa zinazokaangwa nusu mchana na kurudishwa karaini jioni mteja akifika, hizo sijui zinaongeza kiasi gani, sijawahi kupima.

MandaZaNgamiani
Hiyo nafanya kila siku. Nitapima wiki ijayo, nitenge ishirini za mkupuo mmoja na ishirini za kurudia.

MakororaNyumbani
Tumekaa na mama jana. Hakutaka kuacha andazi, na sikumlazimisha. Amechagua moja asubuhi na yai la kuchemsha, sambusa moja jioni badala ya mbili, bhajia Ijumaa tu na ni sita. Ukijumlisha maandazi na sambusa peke yake ni 313 badala ya 814, yai lina kama 75. Aliuliza jambo moja ambalo sikuweza kumjibu: ya mwezi wa Ramadhani, ya tui la nazi na iliki, ambayo ndiyo anayapenda, yana kalori ngapi?

MizaniYaUnga
Hilo haliwezi kupimwa kwa mizani ya jikoni, kwa sababu tui ni maji na mafuta kwa pamoja na kila mtu anakamua kwa mkono wake. Lakini unaweza kujua kikomo ambacho haliwezi kuvuka. Pima nazi iliyokunwa kabla ya kuikamua. Gramu moja ya nazi mbichi iliyokunwa ni kama kalori 3.5. Bi Karai, kwa kilo ya unga unatumia nazi ngapi?

BiKaraiDuga
Moja kubwa. Nimekuna sasa hivi nikapima, gramu 300.

MizaniYaUnga
Basi 300 mara 3.5 ni 1,050, kama ungekula nazi yote na machicha yake. Gawa kwa maandazi 34, ni 31. Machicha unayatupa na yamebaki na mafuta yake kiasi, kwa hiyo nyongeza halisi ni chini ya hapo. Mwambie mama andazi la tui liko kati ya 188 na 219, na kadiri machicha yanavyobaki meupe na yenye kuteleza mkononi, ndivyo linavyosogea upande wa 188.

BiKaraiDuga
Yangu yanabaki makavu kama pumba. Nakamua mara tatu.

MizaniYaUnga
Basi andika 215.